Leza ya Milioni 120 na Hesabu ya Miezi Mitano

Muuzaji wa mashine za ngozi hahitaji kikokotoo. Anavuta karatasi iliyo mezani kwa daktari na kuandika: wateja wanane kwa siku, siku 26 za kazi kwa mwezi, shilingi 100,000 kwa kila mteja. Jumla ni milioni 20.8. Mashine inauzwa dola 40,000, ambazo kwa shilingi 2,600 kwa dola ni milioni 104. Anagawanya, anapiga mistari miwili chini ya jibu: miezi mitano. "Mwezi wa sita, daktari, unaanza kula faida."

Kugawanya kwake hakuna kosa. Kipindi cha kurudisha mtaji ndiyo hesabu nyepesi kuliko zote za biashara: unachukua gharama ya kitu, unaigawanya kwa fedha ambazo kitu hicho kinakubakizia kila mwezi, unapata idadi ya miezi. Wepesi huo ndio unaowapendeza wauzaji, kwa sababu hesabu ina namba mbili tu na zote mbili zinachezewa kirahisi. Ya juu inapunguzwa kidogo, ya chini inanenepeshwa sana, na hakuna aliyesema uongo wa wazi.

Tuzichukue namba hizo mbili kwenye mfano mmoja, tuone zinaishia wapi. Kliniki ni ndogo, ya ngozi, iko Dar es Salaam, na inafikiria kununua leza ya kuondoa nywele, hasa kwa ajili ya wanaume wenye vipele vya ndevu. Kliniki hii ni ya kubuni na bei zake ni makadirio. Mwenye kliniki halisi atabadilisha kila tarakimu kwa ile aliyopewa yeye. Njia ya kuhesabu haibadiliki.

Namba ya juu ndiyo rahisi kuirekebisha. Milioni 104 ni bei ya mashine ikiwa kwenye sanduku. Kuna usafiri na bima ya njiani, wakala wa forodha, ufuatiliaji wa vibali vya TMDA ikiwa muuzaji hakuvikamilisha, mafunzo ya watumishi, na miwani ya kinga kwa kila atakayekuwa chumbani, nayo lazima iwe ya urefu wa wimbi wa leza hiyohiyo. Halafu kuna chumba chenyewe. Leza nyingi za aina hii huwashwa na taa yenye nguvu kubwa, na sehemu kubwa ya umeme unaoingia hutoka kama joto. Maji yanayozunguka ndani yakishindwa kulipooza, mashine hujizima yenyewe katikati ya kazi. Chumba kisicho na kiyoyozi cha kutosha mwezi wa Januari Dar es Salaam hakifai. Umeme unaopanda na kushuka nao unahitaji stabilaiza ya ukubwa unaolingana na mashine, si ile ya friji. Tukadirie yote haya kuwa milioni 16. Namba ya juu sasa ni milioni 120, na hakuna kilichoongezwa hapo ambacho mnunuzi angeweza kukikwepa.

Kazi kubwa iko kwenye namba ya chini.

Mteja mmoja wa vipele vya ndevu hupita hivi. Anakuja amenyoa, kwa sababu nywele iliyo juu ya ngozi huungua bure na kuichoma ngozi. Fundi anamvisha miwani, anapangusa taya na shingo, anapaka jeli ya baridi, kisha anapitisha mkono wa leza mstari baada ya mstari huku mashine ikilia kila pigo. Kuna harufu kidogo ya nywele iliyoungua. Baada ya dakika 20 hivi anafutwa, anapakwa dawa ya kutuliza ngozi, anaambiwa ajikinge na jua na arudi baada ya wiki nne mpaka sita. Muuzaji aliandika shilingi 100,000. Kliniki yetu, kwa mtaa ilipo, inaweza kutoza 70,000.

Katika hizo 70,000, baadhi huondoka siku hiyohiyo. Jeli, glovu, vitambaa, dawa ya baada ya huduma, makato ya malipo ya simu, kamisheni ya fundi. Jingine husahaulika kwa sababu halionekani: kila pigo linakula umri wa taa, na katika leza za daiodi linakula umri wa mkono wenyewe. Sehemu hizo huhesabiwa kwa mapigo, kama gari linavyohesabiwa kwa kilomita, na siku zikifika hununuliwa mpya kwa mamilioni. Anayeweka akiba kidogo kwa kila mteja hatashtuka. Tujumlishe yote kuwa 18,000 kwa kikao kimoja. Kinachobaki ni 52,000.

Bado kuna gharama ambazo hazijali kama mteja amekuja au hakuja. Mkataba wa matengenezo, tuseme 900,000 kwa mwezi. Mshahara wa fundi, mwingine 900,000. Matangazo 600,000. Bima, umeme wa kiyoyozi na mengineyo 200,000. Jumla ni milioni 2.6 kila mwezi. Ukigawanya milioni 2.6 kwa 52,000 unapata 50. Maana yake ni kwamba vikao 50 vya kwanza vya kila mwezi vinailisha mashine tu. Hakuna hata shilingi moja inayorudi kwa aliyeinunua. Mtaji huanza kurudi kwenye kikao cha 51.

Namba hii, 50, ndiyo ambayo karatasi ya muuzaji haina kabisa, na ndiyo inayobadilisha tabia ya hesabu nzima. Kliniki ikifanya vikao 150 kwa mwezi, mia moja vinarudisha mtaji: milioni 5.2 kwa mwezi, na milioni 120 zinarudi kwa miezi 23. Ikifanya vikao 100, ni hamsini tu vinavyorudisha mtaji, na muda unakuwa miezi 46. Ikifanya vikao 75, yaani nusu ya 150, mtu angetegemea muda uwe mara mbili ya miezi 23. Unakuwa mara nne: miezi 92, karibu miaka minane. Na hata kwa wateja wanane kwa siku wa muuzaji, vikao 208 kwa mwezi, jibu ni karibu miezi 15, mara tatu ya alichoandika.

Ndiyo maana kukosea kidogo katika idadi ya wateja huumiza kuliko kukosea sana katika bei ya mashine. Daktari anaweza kubishana na muuzaji wiki nzima ili apunguziwe milioni kumi, na kwa vikao 100 kwa mwezi punguzo hilo linamwokolea chini ya miezi minne. Akikadiria vikao 100 na vikaja 85, amepoteza karibu miezi 20. Muda wa kubishana ungefaa zaidi utumike kuhesabu watu.

Na watu na vikao ni vitu viwili. Leza haiui kila nywele kwa siku moja, kwa sababu inaiharibu vizuri ile iliyo katika hatua ya kukua, wakati shina lake limeungana na mzizi. Zilizolala hukosa pigo na kuamka baadaye. Kwa hiyo matibabu hupangwa kama vikao sita au zaidi, na hapo wauzaji hufanya hesabu ya pili nzuri: mteja mmoja ni vikao sita. Lakini si wote wanaomaliza. Baadhi huona nafuu baada ya kikao cha tatu na kutosheka. Wengine wanahamishwa kikazi, wanaishiwa, au wanachoka na foleni ya kutoka Mbagala. Tuseme katika kila watu kumi wanaoanza, wanane hufika kikao cha pili, saba cha tatu, sita cha nne, watano cha tano na wanne cha sita. Jumlisha vikao vya wote kumi, utapata 40. Mteja mmoja ni vikao vinne.

Kwa hiyo vikao 100 kwa mwezi vinahitaji wateja wapya 25 kila mwezi, mwezi baada ya mwezi. Na havifiki 100 tangu mwanzo. Mwezi wa kwanza wanakuja 25 na hao tu. Wa pili kuna 25 wapya na 20 wanaorudi, jumla 45, bado chini ya ile hamsini. Wa tatu vinakuwa kama 62, wa nne 77, wa tano 90, na wa sita ndipo 100 inapotimia. Ukipiga hesabu ya miezi hiyo mitano ya kwanza, pamoja na miwili ya hasara, kliniki imerudisha takriban milioni 2.6 badala ya milioni 13. Kipindi cha miezi 46 kimekuwa cha miezi 50. Hapa hakuna aliyefanya kazi vibaya. Hivi ndivyo huduma ya kurudi kila mwezi inavyoanza.

Kabla ya kuamini hata hao 25, lazima tuiangalie leza yenyewe, kwa sababu katika ngozi zetu aina ya mashine ndiyo inayoamua ni nani anaweza kuwa mteja. Nadharia inayotumika iliandikwa mwaka 1983 na Rox Anderson na John Parrish, madaktari wa ngozi wa Boston: chagua mwanga ambao kitu unachotaka kukiharibu kinaunyonya kuliko majirani zake, upige kwa muda mfupi, na joto litabaki pale. Katika nywele kinachonyonya mwanga ni melanini, rangi nyeusi iliyo ndani ya nywele. Tatizo ni kwamba melanini hiyohiyo iko kwenye ngozi yetu ya juu. Mwanga unaopita njiani hauulizi kama melanini hii ni ya nywele au ya shavu.

Kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka, ndivyo melanini inavyopunguza kuunyonya mwanga na mwanga huzama ndani zaidi. Leza ya aleksandraiti, nanomita 755, hufanya kazi vizuri sana kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi, na ndiyo iliyojaza picha za kabla na baada katika vipeperushi vingi. Kwa ngozi nyeusi ni njia ya kupata malengelenge na madoa. Daiodi ya 810 iko katikati, na inataka fundi makini na upoozaji mzuri. Nd:YAG ya nanomita 1064 yenye mapigo marefu ndiyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi, na ndiyo inayofaa kwa vipele vya ndevu vya watu wetu. Kuna pia mashine za IPL, zinazorusha mwanga wa mchanganyiko kutoka kwenye taa. Si leza, ingawa madukani huitwa leza, na kwa ngozi nyeusi sana ni hatari.

Hili linaingia kwenye hesabu kwa njia mbili. Daktari aliyenunua mashine isiyofaa kwa sababu ilikuwa nusu bei hubaki na mambo mawili ya kuchagua. Anaweza kuwakataa wateja wa ngozi nyeusi, ambao Dar es Salaam ni karibu wote. Au anaweza kushusha nguvu mpaka ngozi isiungue, na hapo nywele nayo haiungui. Mteja anarudi kikao cha tatu akiwa na vipele vilevile, na cha nne haji. Ile hesabu ya vikao vinne kwa mteja inashuka kuwa viwili na nusu, na hakuna aliyeandika popote kwamba mashine imeshindwa. Dalili inaonekana kwenye daftari la miadi kabla ya kuonekana benki: wapya wanaendelea kuja, wa kikao cha tatu na cha nne hawaonekani. Mwenye kliniki akiona hivyo ajue matangazo yake ni mazima, mashine au mipangilio yake ndiyo mgonjwa.

Kuna watu ambao hata leza nzuri haiwasaidii. Nywele nyeupe, za mvi na nyembamba sana hazina melanini ya kutosha. Mzee wa miaka 60 anayelalamika vipele kwenye kidevu chenye mvi aambiwe ukweli kabla hajalipa, na asihesabiwe katika wale 25.

Jambo jingine linalokosekana kwenye karatasi ni siku za mashine kukaa bila kazi. Mashine ikiharibika, fundi wake anaweza kuwa Nairobi, Dubai au Johannesburg, na kipuri kikawa mbali zaidi. Tuchukue kliniki ya vikao 100 kwa mwezi na mashine ife mwezi mzima. Badala ya kubakiza milioni 2.6, imepoteza milioni 2.6, maana mshahara na mkataba vimelipwa vilevile. Kipindi cha kurudisha mtaji kimesogea mbele miezi miwili kwa ubovu wa mwezi mmoja. Baadhi ya wateja watasubiri, lakini aliye katikati ya matibabu nywele zake hazisubiri. Ndiyo maana kifungu cha mkataba kinachosema fundi atafika ndani ya siku ngapi, na kama italetwa mashine ya kushikilia, kina thamani ya fedha inayohesabika. Mkataba unaosema tu "matengenezo yamejumuishwa" hauna siku, na usio na siku hauna bei.

Kwa sababu mkataba na vipuri huandikwa kwa dola, shilingi nayo ina mkono wake. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa takriban shilingi 2,330. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Aliyekuwa na mkataba wa dola katika miezi hiyo aliona gharama yake ikipanda zaidi ya asilimia kumi bila mtu kumpandishia bei, huku mteja wa Sinza akilipa 70,000 ileile. Hesabu ifanyike mara mbili, ya pili ikiwa na dola iliyopanda, uone kama ile hamsini imegeuka kuwa 55.

Wengi hawanunui kwa fedha taslimu. Tuseme kliniki inatoa milioni 40 na kukopa 80 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, kulipa kwa miezi 36. Rejesho ni takriban milioni 2.9 kila mwezi. Mashine ya vikao 100 inabakiza milioni 2.6. Yaani mashine inayofanya kazi vizuri, yenye wateja wapya 25 kila mwezi, haiwezi kulipa deni lake yenyewe. Laki tatu za kila mwezi lazima zitoke kwenye ada za kumwona daktari na dawa. Hata kabla ya kupiga hesabu ya riba, kuna kipimo cha haraka kwa anayekopa gharama yote: mtaji unaorudi kwa miezi 46 haulipi mkopo wa miezi 36. Ni jambo la kawaida kuona kliniki inayopata faida kwenye vitabu ikihangaika kila tarehe ya rejesho, na chanzo mara nyingi ni pengo hilo la miezi kumi.

Kliniki nyingi huziba pengo hilo kwa kuuza vifurushi: lipa vikao vitano, upate sita. Wateja 25 wakinunua kwa 350,000, mwezi wa kwanza zimeingia milioni 8.75, na kwenye simu ya mwenye kliniki salio linapendeza. Lakini amefanya kikao kimoja kati ya sita. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni deni la kazi, na deni hilo linalipwa miezi ile ambayo wateja wapya wamepungua. Mashine ikifa mwezi wa tatu, watu 75 wenye risiti watakuwa mlangoni. Njia safi ni kuhesabu kila kikao siku kinapofanyika, na kuacha fedha za vikao visivyofanyika kwenye akaunti ya pembeni. Anayerudisha mkopo kwa fedha za vifurushi anajikopesha kwa wateja wake, na hao hawatozi riba ila huongea sana.

Nimesema kuhusu leza kwa urefu kwa sababu ndiko fedha nyingi zinakozama, lakini ukiiweka kando ya kalamu ya visindano picha inakuwa wazi zaidi. Kalamu hii hutoboa ngozi matundu madogo sana ili ijijenge upya, na hutumika zaidi kwa makovu ya chunusi. Haitegemei melanini, hivyo ngozi nyeusi inaivumilia vizuri kuliko leza nyingi. Chukua kalamu nzuri ya milioni 4. Kikao ni 150,000, krimu ya ganzi, kichwa kipya cha sindano, dawa ya kupaka na kamisheni vinakula 60,000, zinabaki 90,000. Haina mkataba wa matengenezo wala kiyoyozi chake. Mtaji unarudi baada ya vikao 45. Kwa vikao 12 tu kwa mwezi, ni miezi minne, na hapo miezi mitano ya muuzaji ingekuwa ya kweli.

Hatari ya kalamu iko mahali pengine: fedha zake zote ziko kwenye kichwa cha sindano. Kichwa ni cha mtu mmoja mara moja, kwa kuwa kinashika damu, na damu inabeba virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI. Anayetaka kuharakisha kurudisha mtaji ataona njia fupi kabisa: kuchemsha kichwa, kukitumia tena. Ukaguzi wake ni mwepesi. Linganisha idadi ya vichwa vilivyonunuliwa na vikao vilivyoandikwa. Vikao vikizidi vichwa, hakuna maelezo mengine. Mashine kubwa za sindano zenye mawimbi ya redio huwa na vichwa ghali zaidi, na nyingi zina chipu inayohesabu matumizi na kukataa kichwa kilichokwisha au cha kampuni nyingine. Hapo bei ya kuuliza kwanza ni ya kichwa, ndipo uulize ya mashine, na uulize pia nani mwingine nchini anacho stoo siku muuzaji wako akiishiwa.

Kuna mtego mmoja unaozikuta mashine zote mbili. Kliniki iliyokuwa ikiwafanyia watu 20 kwa mwezi matibabu ya asidi kwa ajili ya makovu, ikinunua kalamu na kumi kati yao wakahamia huko, haijapata wateja kumi. Imepata tofauti ya kile kinachobaki kwa kikao cha kalamu na kile kilichokuwa kikibaki kwa asidi. Kwenye ripoti ya mashine wanaonekana wote kumi, na mashine inasifiwa kwa fedha ambazo zilikuwa tayari mlangoni.

Sasa turudi kwa leza na tuigeuze hesabu. Badala ya kuuliza wateja hawa watarudisha mtaji lini, uliza: nikitaka mtaji urudi lini, nahitaji wateja wangapi? Mashine itadumu labda miaka mitano kabla haijazidiwa na matengenezo au na jirani mwenye mashine mpya zaidi. Muuzaji atasema kumi. Mtu mwangalifu atataka fedha zirudi ndani ya nusu ya muda huo au pungufu kidogo, tuseme miezi 24. Milioni 120 kwa miezi 24 ni milioni 5 kwa mwezi. Ongeza milioni 2.6 za kuilisha, gawanya kwa 52,000: vikao 146. Kwa vikao vinne kwa kila mteja, ni wateja wapya 36 au 37 kila mwezi, kwa miaka miwili mfululizo.

Namba hiyo inaweza kupimwa kabla ya kutoa hata senti. Kliniki yetu ina daftari la wagonjwa. Tuseme katika miezi mitatu iliyopita watu 66 walikuja na vipele vya ndevu au nywele wasizozitaka, yaani 22 kwa mwezi. Wakielezwa bei na idadi ya vikao, wengi watasema watafikiria. Kipimo cha kweli si kusema "nitakuja" bali kuacha amana ndogo inayorudishwa. Mmoja kati ya watatu akiacha amana, kliniki ina wateja saba kwa mwezi, vikao 28. Hiyo ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile hamsini. Kwa daftari hili, mashine ingeipotezea kliniki zaidi ya milioni moja kila mwezi, na hesabu ya kurudisha mtaji haina jibu kabisa, kwa sababu hakuna kinachorudi. Kutoka saba hadi 36 ni umbali ambao matangazo ya 600,000 yanapaswa kuuziba peke yake, na daktari anayeamini yataweza angeyalipia miezi miwili kwanza, bila mashine, ahesabu amana.

Pale anapopatikana mwenye mashine wa kukodisha kwa siku, hesabu inakuwa tofauti. Akitoza 600,000 kwa siku, vikao 12 vinatosha kumlipa na kubakiza kidogo. Vikao 28 vikipangwa kwenye siku mbili za mwezi, vinaleta takriban milioni 1.46, kodi inachukua 1.2, kliniki inabaki na laki mbili na nusu. Ni kidogo, lakini ni faida mahali ambapo kununua kungekuwa hasara, na daftari la siku hizo mbili linaonyesha mambo ambayo hakuna muuzaji anayeyajua: wangapi wanarudi kikao cha tatu, ngozi zipi zinapata madoa, fundi anachukua dakika ngapi kweli. Lazima tu ihakikishwe kwamba mashine hiyo imetengenezwa kuhamishwa. Leza yenye vioo vya kuelekeza mwanga ikirushwarushwa nyuma ya pikapu, vioo husogea, nguvu inayotoka haiwi tena ile inayoandikwa kwenye skrini, na mteja wa kwanza ndiye anayegundua.

Mwezi ambao siku za kukodisha zitakuwa zimefika sita au saba zilizojaa, yaani vikao 80 au 90, daktari atakuwa amepata sababu ya kumwita yule muuzaji tena. Wakati huo atakuwa na karatasi yake mwenyewe, na swali la kwanza atakalouliza litahusu mashine iliyotumika: kaunta ya mapigo inasomaje, taa ilibadilishwa lini, na je, kiwanda kitakubali kuandika mkataba wa matengenezo kwa mmiliki wa pili. Viwanda vingine hutoza ada kubwa ya kuikagua upya kabla ya kukubali, vingine hukataa. Jibu hilo liandikwe, lije na bei, ndipo namba ya juu ianze kujazwa.